Kiwanda cha maziwa Machakos kinunue ng'ombe, au kiendelee kununua maziwa?

Wazo lenyewe linasikika poa sana. Kiwanda cha maziwa kimechoka kusubiri maziwa ya watu. Kila kiangazi kinapoingia, nusu ya mitungi inakuja mitupu, mashine zinalala, na mchuuzi wa pikipiki ndiye anacheka. Basi mkurugenzi anaamka asubuhi moja na kusema: tununue ardhi, tufuge ng'ombe wetu, tuachane na hizi drama.

Wewe ungemjibu nini?

Kama umekulia Machakos, hili si swali la vitabuni tu. Labda mama yako ana ng'ombe wawili kule Kathiani, na pesa ya maziwa ndiyo inalipa bili ya stima. Labda wewe ndiye unabeba mitungi kwa bodaboda. Kiwanda kikianza kujikamulia, mambo yatabadilika hadi mlangoni kwenu. Mimi niliacha chuo kabla somo hili halijafika darasani, kwa hivyo nitakupigia stori tu, lakini kwa hesabu.

Kwanza, swali la mzee Coase

Mwaka wa 1937 mwanauchumi Mwingereza, Ronald Coase, aliuliza swali ambalo linaonekana la kitoto. Kama soko ni zuri hivyo, mbona kampuni zipo? Mbona kila mtu asinunue kila kitu kwa mwenzake kila asubuhi? Jibu lake ni kwamba kununua sokoni kuna gharama ambazo hazimo kwenye bei. Kumtafuta muuzaji, kuelewana, kupima mali, kuhakikisha hatakuruka, kumfuata akikuruka. Hizo ndizo gharama za miamala. Zikizidi gharama za kufanya kazi mwenyewe, unaifanya mwenyewe. Zikiwa chini, unaendelea kununua.

Oliver Williamson, aliyepata Nobeli ya Uchumi mwaka wa 2009 pamoja na Elinor Ostrom, aliongeza jambo moja zito. Angalia nani amewekeza kwenye kitu ambacho hakina kazi nyingine. Huyo ndiye atabanwa.

Sasa leta hilo Machakos. Tangi la chuma la kupozea maziwa haliwezi kuhifadhi mahindi. Mashine ya kuchemsha na kupakia haiwezi kusaga unga. Kiwanda kimefungwa na maziwa, kama hayaji ni hasara. Mfugaji kwa upande wake ana mteja hata kando ya barabara. Anaweza kuuzia jirani, hoteli, mchuuzi, au wenye mashine za maziwa za mtaani.

Lakini hapo ni kiangazi. Mvua ya Oktoba hadi Desemba, au ile ya Machi hadi Mei, ikishuka vizuri, nyasi zinajaa, ng'ombe wote wanatoa maziwa kwa pamoja, na jirani hanunui kwa sababu naye ana yake. Maziwa mabichi yasipopozwa ndani ya saa chache yanaanza kuchacha. Sasa mfugaji ndiye amefungwa. Ana lita kumi mkononi, jua linapanda, na tangi la kiwanda ndilo tumaini lake.

Kwa hivyo hapa mateka hubadilishana kila msimu. Mvua ikinyesha, kiwanda kinaweza kumbana mfugaji: kushusha bei, kuchelewesha malipo, kukataa mitungi. Kiangazi kikija, mfugaji analipiza. Ule mchezo wa kuuza pembeni, ambao viwanda huuita ukosefu wa uaminifu, mara nyingi ni kumbukumbu ya msimu uliopita.

Na usiniambie habari ya mkataba. Nani ataenda kortini Machakos kushtaki kwa sababu ya lita nane? Wakili peke yake ni zaidi ya hizo lita za mwaka mzima. Mkataba na mfugaji mdogo una nguvu tu kama pande zote mbili zinataka kesho wafanye kazi tena.

Tupige hesabu

Tuchukue kiwanda cha kubuni, cha saizi ya kati, chenye uwezo wa lita 10,000 kwa siku. Takwimu hizi ni zangu za mfano, lakini ukiwa na za kiwanda halisi unaziweka tu mahali pake.

Kiwanda kinanunua lita kwa shilingi 50. Si bei ya kushangaza: mwaka wa 2024 serikali iliagiza New KCC ilipe wafugaji angalau 50. Pakiti, umeme na usafiri, 25. Kinauzia maduka kwa 100. Kila lita inaacha 25. Halafu kuna gharama ambazo haziulizi kama maziwa yamekuja: mishahara, mkopo wa mashine, walinzi. Tuseme 150,000 kwa siku.

Msimu wa mvua, lita 10,000 zinaacha 250,000. Toa 150,000, faida ni 100,000 kwa siku. Kiangazi, lita zinashuka hadi 5,000. Zinaacha 125,000. Toa zile 150,000, ni hasara ya 25,000 kwa siku. Tuseme kiangazi ni siku 120. Hilo ndilo jeraha tunalotaka kutibu.

Dawa ya kwanza: kununua shamba la kutoa zile lita 5,000 zinazopotea. Shida ni kwamba ng'ombe hawafungwi swichi. Ukiwafuga kwa ajili ya kiangazi, watakula hata wakati wa mvua. Tuseme lita ya shambani kwako inakugharimu 60, ukihesabu lishe, mishahara, daktari na dawa. Siku 245 za mvua, unakamua kwa 60 kitu ambacho jirani angekuuzia kwa 50. Shilingi 10 mara lita 5,000 mara siku 245 ni zaidi ya milioni 12.

Kiangazi shamba linakuokoa. Lita 5,000 za wafugaji zinaacha 25 kila moja, zako zinaacha 15, jumla 200,000. Toa 150,000, una faida ya 50,000 badala ya hasara ya 25,000. Umejiongezea 75,000 kwa siku, na kwa siku 120 ni milioni 9.

Umepata milioni 9, umepoteza milioni 12 na ushee. Na hapo bado hatujataja riba ya mkopo wa kununua ardhi na ng'ombe.

Hesabu hiyo ina sehemu ya kupindukia. Kiangazi kikifika kama siku 146 kwa mwaka, shamba linaanza kujilipa. Kwa hivyo mtu anayekuambia "shamba ni ujinga" bila kuhesabu siku za ukame, naye anakubahatishia. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa Kenya. Mwaka kama huo hauna siku 120 za kiangazi.

Lakini mwaka kama huo una tatizo jingine, na ndilo watu husahau.

Ukame haujui ng'ombe ni wa nani

Lita 5,000 kwa siku zinataka ng'ombe wangapi? Wakitoa wastani wa lita 15, unahitaji kama 330 wanaokamuliwa. Ng'ombe hupumzika karibu miezi miwili kabla ya kuzaa tena, kwa hivyo unafuga kama 400. Ndama na mitamba ni juu yako pia.

Ng'ombe mmoja wa maziwa anakunywa kama lita 80 za maji kwa siku, joto likizidi anapita hapo. Wako 400 wanataka lita 32,000. Hayo ni maboza matatu na zaidi ya lita 10,000, kila siku, kabla hujaosha hata ndoo moja. Lishe nayo: ukipiga hesabu ya nyasi kavu peke yake, bila chakula cha madukani, unahitaji karibu marobota 290 ya kilo 15 kila siku. Kwa siku 120 ni kama marobota 35,000.

Utayatoa wapi Machakos wakati wa kiangazi? Ardhi ya kutosha kupanda nyasi hizo ni mamia ya ekari, na upande wa Joska, Konza na Athi River, ardhi haiuzwi tena kwa bei ya malisho. Inauzwa kwa bei ya ploti. Utaishia kununua nyasi sokoni, msimu ambao kila mfugaji anazitafuta. Yaani umemkimbia mchuuzi wa maziwa ukakutana na mchuuzi wa nyasi. Yule wa kwanza alikubana asubuhi, huyu wa pili atakubana usiku kucha.

Rudi kwenye hesabu. Kama ukame unapandisha gharama ya lita yako kutoka 60 hadi 70, ile faida ya kiangazi ya 50,000 inakuwa sufuri. Bado ni afadhali kuliko hasara ya 25,000, lakini si ile hadithi uliyoambiwa.

Kampuni ya Almarai ya Saudi Arabia inamiliki ng'ombe wake, na kule jangwani inaeleweka: hakuna akina mama wenye ng'ombe wawili wawili wa kununuliwa maziwa. Lakini ng'ombe walipofika, kampuni ilihitaji nyasi. Serikali ilipoanza kubana kilimo cha malisho kinachonyonya maji ya chini ya ardhi, ikanunua mashamba Argentina mwaka wa 2011, na Arizona, Amerika, mwaka wa 2014. Arizona nako ni kukavu, wenyeji wakalalamikia maji yao, na mwaka wa 2023 gavana akaanza kufuta mikataba ya kukodisha ardhi ya serikali kwa kampuni hiyo. Ukimiliki hatua moja, tatizo halifi. Linahamia hatua iliyo nyuma yake.

Dawa ya pili: uliza kwanza maziwa yalienda wapi

Kabla ya kununua hata ndama, mkurugenzi afungue rejista ya mapokezi. Lita zilizopotea kiangazi zinapotea kwa njia mbili tofauti, na rejista inazionyesha.

Njia ya kwanza, wafugaji wote wanakuja kila siku, lakini kila mmoja analeta kidogo. Aliyeleta lita nane analeta nne. Huyo hakuibii. Ng'ombe wake ana njaa. Ukimwongezea bei, ng'ombe hatasikia.

Njia ya pili, lita za mtu zinaruka ruka. Leo nane, kesho hayuko, keshokutwa tatu. Au maziwa ya asubuhi yanafika, ya jioni yanapotea. Au mfugaji mwenye deni la chakula cha ng'ombe ananyamaza, halafu jirani yake mwenye ng'ombe mmoja anaanza ghafla kuleta lita ishirini. Hapo kuna mtu analipa zaidi yako, au kuna mtu anakwepa kukatwa deni.

Kwa wale wa njia ya pili, bei ndiyo dawa. Tuseme kiwanda kinapandisha kiangazi hadi 60 kwa wote na maziwa yote yanarudi. Kila lita inaacha 15, jumla 150,000, kiwanda hakipati wala hakipotezi. Umeokoa 25,000 kwa siku, milioni 3 kwa msimu, bila kununua ng'ombe hata mmoja. Ila kuna mtego: lazima zirudi angalau lita 8,300 hivi. Zikirudi 7,500 tu, unapoteza 37,500 kwa siku, mbaya kuliko kukaa kimya. Ndiyo maana bei ya kiangazi itangazwe mapema, mvua ikiwa bado inanyesha, na imfikie yule aliyeleta kila siku wakati wa neema. Ukiitangaza mchuuzi akiwa tayari mlangoni, umechelewa.

Kwa wale wa njia ya kwanza, dawa ni nyasi. Kiwanda kinunue marobota wakati wa mavuno yakiwa bei ya chini, kiyahifadhi, kisha kiwape wafugaji kiangazi kwa deni linalokatwa kwenye maziwa. Hapa ndipo umiliki una maana kwangu. Ghala la nyasi na matangi ya kupozea vijijini ni vitu ambavyo mfugaji wa ng'ombe wawili hawezi kujenga peke yake, na vinamfunga na kiwanda pande zote mbili. Kumkamulia ng'ombe wake hakuhitaji mkurugenzi. Yeye anaamka saa kumi alfajiri bila kulipwa ovataimu, anajua yupi amegoma kula. Mfanyakazi wa mshahara akiumwa na baridi, analala. Naye akiweka maji kwenye maziwa ya kampuni, utajuaje? Utamlipa msimamizi. Na msimamizi atasimamiwa na nani? Hizo nazo ni gharama, ila hazimo kwenye risiti.

Pale ambapo shamba lina sababu

Usinielewe vibaya, kuna hoja moja ya shamba ambayo haiondoki kwa bei. Ni udhibiti.

Laktomita inaonyesha kama maziwa yametiwa maji. Kipimo cha alkoholi kinaonyesha kama yameanza kuchacha. Vyote ni rahisi, karani wa mapokezi anavifanya dakika hiyo hiyo. Lakini mfugaji aliyemdunga ng'ombe antibiotiki ya ugonjwa wa chuchu jana, kisha akaleta maziwa leo, huwezi kumwona kwa macho. Kumpima kila mtu wa lita sita kwa kipimo cha dawa ni ghali kuliko faida ya hizo lita. Kwa hivyo unapima tangi zima. Likikutwa na dawa, unamwaga yote, na hakuna wa kuulizwa. Ukiyapitisha bila kupima, bakteria wanaogandisha yogati wanakufa na mala inakataa kushika.

China ililipia somo hili vibaya. Mwaka wa 2008 watu walitia maji kwenye maziwa kisha wakaongeza kemikali ya melamini ili kipimo cha protini kidanganyike. Watoto wachanga sita walikufa na wengine karibu 300,000 wakaugua. Baada ya hapo kampuni kubwa za maziwa kule zilikimbilia mashamba makubwa ambayo zingeweza kuyadhibiti. Pale ambapo udanganyifu hauonekani na madhara yake ni makubwa, umiliki unaanza kuwa nafuu.

Lakini hata hapo kuna njia ya katikati. Kule Nakuru, kampuni ya Happy Cow, inayotengeneza jibini na yogati, ilijaribu mfumo wa kulipa wafugaji wa vyama vya ushirika kulingana na ubora wa maziwa, si lita peke yake. Kipimo kikiwa kwa kikundi kidogo chenye majina, mwenye makosa anajulikana na mwenye maziwa safi analipwa zaidi.

Na Githunguri walienda upande wa pili kabisa. Chama chao cha ushirika kilianza mwaka wa 1961, na mwaka wa 2004 wafugaji wenyewe wakafungua kiwanda, kile cha Fresha. Badala ya kiwanda kumeza mashamba, mashamba yalimeza kiwanda. Swali la nani atambana nani msimu ukigeuka likapungua makali, kwa sababu faida ya kiwanda inarudi kwa mwenye ng'ombe.

Kwa hivyo, ningemwambia nini mkurugenzi?

Kama anauza maziwa ya pakiti ya kawaida, aachane na ng'ombe 400. Pesa hiyo iende kwenye matangi ya kupozea, ghala la nyasi, na bei ya kiangazi iliyoandikwa ukutani mvua ikinyesha. Kama anatengeneza yogati au jibini, afuge kashamba ka kutosha laini hiyo peke yake, ambako anaweza kupima kila ng'ombe. Kashamba hako kana faida nyingine: atajua kwa hakika lita moja inagharimu ngapi Machakos, na siku mfugaji akimwambia bei ya lishe imepanda, hatakuwa anabishana gizani.

Ila ajue pia kwamba wafugaji watalisoma shamba hilo kwa macho yao. Likiwa dogo, wataliona ni la kujifunzia. Likiwa kubwa, wataelewa kwamba wanatafutiwa mbadala, na wengine watamkimbilia mchuuzi leo kabla hawajaachwa kesho. Hapo shamba lililonunuliwa kuziba pengo ndilo litakuwa limelichimba.

Na wewe mwenye mama Kathiani, siku kiwanda kikitangaza kinanunua ardhi, usiulize tu ni ekari ngapi. Uliza nyasi zake za kiangazi zitatoka wapi. Wakikosa jibu, jua watarudi kwenu na mitungi, na siku hiyo mtakaa mezani mkijua bei yenu.